Kutathmini kipindi cha ufundishaji mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wanafunzi wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, pamoja na wenzao wanaokaa nyuma ya darasa wakiwa na fomu ya tathmini mkononi. Tumeshughulikia mambo matatu tu: uwazi wa maelezo, kasi ya kipindi, na namna mwalimu anavyopima kama wanafunzi wameelewa. Ili tusizungumze hewani, tutafuata somo moja tangu mwanzo hadi mwisho: ngeli ya U-I, Kiswahili, wanafunzi wa Gredi ya 4.

Kipindi kiwe cha dakika ngapi, na wanafunzi wangapi?

Ufundishaji mdogo, ambao vyuoni wengi huuita maikrotichingi, ulianzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Dwight Allen na wenzake. Wazo lao lilikuwa kupunguza kila kitu: muda, idadi ya wanafunzi, na idadi ya stadi zinazofanyiwa mazoezi kwa wakati mmoja. Kwa kawaida kipindi huwa cha dakika 5 hadi 10 na wanafunzi 5 hadi 10.

Kama lengo ni kutathmini kasi na upimaji wa uelewa, chukueni dakika 10. Dakika 5 hazitoshi kumwezesha mwalimu kueleza, kuuliza, kugundua kosa na kulirekebisha, na hapo kwenye kurekebisha ndipo mengi yanapoonekana. Kwa somo letu, mgao unaofaa ni huu: dakika 1 ya utangulizi, 3 za maelezo na mifano, 2 za swali la kupima, 1 ya kurekebisha, 2 na nusu za wanafunzi kuandika sentensi zao, na nusu dakika ya kufunga.

Punguza pia maudhui. Ngeli ya U-I yote haiingii katika dakika 10. Chukua jambo moja: kitenzi huanza kwa *u-* nomino ikiwa katika umoja, na kwa *i-* ikiwa katika wingi. Vivumishi na viashiria visubiri siku nyingine.

Waangalizi wagawane kazi vipi?

Waangalizi watatu wanatosha, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza anaandika maneno halisi ya mwalimu anapoeleza jambo jipya. Wa pili ana saa, naye anaandika dakika na sekunde kila shughuli inapobadilika. Wa tatu anaandika kila swali la mwalimu, nani alijibu, na mwalimu alifanya nini baada ya jibu.

Mwangalizi mmoja akipewa yote matatu, mwishoni hubaki na sifa: "ulijiamini", "sauti ilikuwa nzuri", "ubao ulikuwa nadhifu". Hayo hayamsaidii mwalimu kubadilisha chochote. Andika ulichosikia na ulichoona kwanza, uamuzi uje baadaye.

Nitajuaje kwamba maelezo yalikuwa wazi? Mimi niliyaelewa vizuri.

Uliyaelewa kwa sababu ngeli ya U-I uliisoma zamani. Kuelewa kwako hakupimi chochote hapa. Rudi kwenye maneno uliyoandika, ujiulize maswali manne.

Swali la kwanza: je, maelezo ni ya kweli hadi mwisho? Walimu wanafunzi wengi husema, "Ngeli ya U-I ni ya vitu visivyo na uhai vinavyoanza kwa *m-* katika umoja na *mi-* katika wingi." Sentensi hiyo hutamkwa kwa ufasaha na huandikwa vizuri ubaoni, kisha mfano wa kwanza unaofuata ni *mti*. Mtoto wa Gredi ya 4 ambaye amefundishwa kwenye somo la sayansi kwamba mimea ina uhai atakwama papo hapo, na mara nyingi hatasema. Mti, mgomba, mwembe na mkia wa ng'ombe vyote vimo katika ngeli hii. Mwangalizi akisikia neno "visivyo na uhai" na mfano wa *mti* katika dakika ileile, alitie alama kama kasoro ya uwazi hata kama darasa lilikuwa kimya na tulivu.

Swali la pili: je, mwalimu ameonyesha mahali jambo lenyewe lilipo? Hapa kuna mtego mkubwa wa somo hili. Herufi U na I katika jina la ngeli hazitoki kwenye nomino. Hutoka kwenye kitenzi. *Mti umeanguka, miti imeanguka.* Mwalimu akiandika nomino peke yake ubaoni, *mti – miti, mkate – mikate, mto – mito*, mwanafunzi hatafuti U popote kwa sababu haipo. Anakisia. Wengine hukisia kwamba U-I ni ya maneno yanayoanza kwa U, kama *ukuta* na *ufagio*. Maelezo yaliyo wazi huandika sentensi nzima na kupigia mstari kiambishi cha kitenzi, kwa chaki ya rangi kama ipo.

Swali la tatu: je, kuna mfano wa kile ambacho si U-I? Mifano mitano ya *mti, mkono, mguu, mlango, mkate* humfundisha mtoto kanuni mbovu kwamba kila neno la *m-* ni U-I. Weka *mkulima amefika* karibu na *mkate umefika*. Maneno mawili yanayoanza sawa, vitenzi viwili tofauti: hapo mtoto analazimika kutazama kitenzi.

Swali la nne ni fupi: mwalimu alitumia neno moja kwa jambo moja? Akianza na "nomino", akapita "jina", akaishia "neno", watoto watadhani ni vitu vitatu.

Je, tumpunguzie alama mwenye lafudhi ya lugha ya mama?

Hapana, isipokuwa pale sauti inapobadilisha maana ya kinachofundishwa. Dholuo haina sauti ya *sh*, kwa hiyo mwalimu kutoka sehemu za Kisumu au Siaya anaweza kutamka "samba" badala ya *shamba*. Katika somo la U-I, hilo halimzuii mtoto kuona kiambishi. Lakini kama somo lenyewe ni matamshi, au maneno *suka* na *shuka* yanawekwa pamoja, basi ni suala la uwazi na lisemwe bila kumwaibisha mtu. Dawa yake ni ya kazi tu: aandike maneno hayo ubaoni kabla ya kuyatamka, na ayafanyie mazoezi siku moja kabla.

Kasi ni nini hasa? Nimeambiwa "nenda polepole" lakini sioni nilipokimbia.

Huenda mdomo wako haukukimbia kabisa. Kasi ya kipindi haipimwi kwa wepesi wa kusema, hupimwa kwa umbali kati ya jambo jipya moja na linalofuata. Mwalimu anaweza kusema taratibu sana huku akirundika istilahi sita ndani ya dakika mbili. Mwingine huongea haraka lakini anakaa kwenye jambo moja mpaka likae.

Tazama rekodi ya mwenye saa katika kipindi cha mfano:

0:00 – Anasalimia, anaandika tarehe, somo na mada ubaoni.
1:50 – Wimbo wa kuchangamsha darasa.
3:20 – Anaanza maelezo. Anataja nomino, umoja, wingi, kiambishi, ngeli, upatanisho.
5:10 – "Mmeelewa?" Darasa: "Ndiyo!" Anaendelea.
5:20 – Mifano sita ubaoni, yote ya *m-/mi-* yenye U-I.
8:30 – Zoezi: andikeni sentensi tatu.
9:50 – Kengele. Hakuna daftari lililotazamwa.

Ukiisoma rekodi hii huhitaji kubishana na mtu kuhusu kasi. Theluthi ya kipindi imekwisha kabla ya jambo jipya kutajwa. Kisha istilahi sita zinashuka ndani ya sekunde 110. Baadaye mifano sita inayofanana inakula zaidi ya dakika tatu, ingawa baada ya mfano wa pili hakuna jipya kwa mtoto. Kipindi kilikuwa cha polepole mahali pasipohitajika na cha mbio mahali pagumu. Kumwambia mwalimu huyu "nenda polepole" ni kumpotosha. Mwambie hivi: wimbo uondoke au uwe wa sekunde 30, tarehe na mada viandikwe kabla ya kuanza, istilahi zibaki tatu (umoja, wingi, kiambishi), na mifano sita iwe minne, miwili kati yake ikiwa ya kulinganisha na A-WA.

Jambo moja la kuangalia ni uandishi. Wenzako chuoni hunakili sentensi haraka kuliko mtoto wa Gredi ya 4. Ukipanga zoezi, jipime wewe mwenyewe ukiandika kwa mwandiko wa kuchora herufi moja moja, halafu ongeza nafasi. Sentensi tatu ambazo wenzako wanazimaliza kwa dakika moja na nusu zitahitaji angalau mara mbili ya muda huo kule shuleni. Kwa dakika mbili na nusu, sentensi moja ya umoja na ya wingi wake inatosha.

Kwa nini "Mmeelewa?" haihesabiwi kama kupima uelewa? Darasa lilijibu.

Kwa sababu jibu ni lilelile, watoto wameelewa au hawajaelewa. Darasa linalojibu "Ndiyo!" kwa pamoja linaonyesha adabu na mazoea. Kipimo cha kweli ni swali ambalo anayeelewa na asiyeelewa watalijibu tofauti, na ambalo majibu yake yanaweza kumfanya mwalimu abadilishe hatua inayofuata. Mwangalizi wa tatu ajiulize kila mara: kama majibu yangekuwa mabaya, mwalimu angefanya nini tofauti? Kama jibu ni "hakuna", swali hilo lisihesabiwe.

Kuuliza mkono mmoja ulioinuliwa nako kunakupa habari za mtoto mmoja tu, na kwa kawaida ndiye anayejua. Wengine saba wamejificha nyuma yake.

Kwa somo letu, andika sentensi nne ubaoni:

A. Mkulima umefika.
B. Mkate imeungua.
C. Kuta imebomoka.
D. Mikufu imepotea.

Uliza: "Sentensi gani ni sahihi? Fikirini bila kusema. Nikihesabu tatu, kila mtu ainue kadi yake." Kadi ni vipande vya katoni vyenye A, B, C na D, kama hamna, vidole kifuani, kimoja hadi vinne, vitafanya kazi ileile. Sahihi ni D. Utamu wa swali uko kwenye makosa. Aliyeinua A anaamini kila neno la *m-* ni la U-I. Aliyeinua B ameshika kwamba *i-* ni ya ngeli hii lakini hajaitenganisha na umoja. Aliyeinua C anadhani jina la ngeli linatokana na nomino, na kwa kuwa *ukuta* huanza kwa U, wingi wake ameupa *i-* badala ya *zi-*: *kuta zimebomoka*. Kwa mtazamo mmoja wa darasa mwalimu anajua nani amekosea, na pia amekosea kitu gani.

Kama swali lako la kupima lina majibu mabaya ambayo hayakuambii chochote, litengeneze upya. Kuweka sentensi D pamoja na tatu za upuuzi kutawafanya wote wafaulu bila kujua.

Nisubiri muda gani baada ya kuuliza?

Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kulijibu wenyewe au kumhamishia mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokaa kimya walianza kujibu. Swali la kadi nne lina usomaji ndani yake, kwa hiyo sekunde 3 hazitoshi. Mpe mtoto angalau 20.

Kuna nafasi ya pili ya kusubiri ambayo husahaulika: baada ya mtoto kujibu. Mwalimu anayesema "Vizuri sana!" kabla neno la mwisho halijatoka mdomoni ameshawaambia wengine waache kufikiri. Mwenye saa aandike nafasi zote mbili.

Wenzangu wanajua majibu yote. Nitapimaje uelewa wa watu wanaoigiza?

Hili ndilo tatizo kubwa la ufundishaji mdogo wa chuoni, na linatatulika. Kabla ya kipindi, mwangalizi mmoja awape wanafunzi wawili au watatu vikaratasi vya siri. Cha kwanza: "Unaamini kila neno linaloanza kwa *m-* ni la U-I." Cha pili: "Unaamini U-I ni ya maneno yanayoanza kwa U." Cha tatu: "Unapojibu na darasa, unafuata wenzako, ukiulizwa peke yako, hujui." Mwalimu asijue vimepewa nani.

Masharti ni mawili. Mwenye kikaratasi asifanye fujo wala vichekesho. Anafuata imani yake ya kosa kwa uaminifu. Na anaiacha pale tu mwalimu anapompa mfano unaoivunja. Aliyepewa kikaratasi cha kwanza hashawishiki akiambiwa "sikilizeni tena", lakini anashawishika akiwekewa *mkulima amefika* kando ya *mkate umefika*. Mwisho wa kipindi mwalimu ataje waliokuwa na vikaratasi na waliamini nini. Akiwapata wote, upimaji wake ulifanya kazi. Asipowapata, hakuna haja ya mjadala mrefu.

Kadi zimeinuka, nusu wamekosea, na zimebaki dakika tatu. Nifanye nini?

Acha zoezi la kuandika, baki na kosa. Wengi hufanya kinyume: wanasema "jibu ni D" na kukimbilia zoezi kwa sababu andalio la somo linasema hivyo. Wanafunzi wanaandika, kila mmoja akirudia kosa lake kwa wino.

Chagua kosa moja lililojitokeza zaidi. Kama ni A, futa sentensi nyingine na uache *Mkulima umefika*. Uliza, "Mwalimu mkuu akifika, tunasema *mwalimu umefika*?" Watoto watacheka na kusema *amefika*. Andika hiyo chini yake, kisha *mkate umefika*, pigia mstari *a-* na *u-*. Halafu uliza swali jipya la aina ileile, *mvuvi* na *mlango*, uone kadi tena. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mwangalizi anayoitafuta: kueleza upya bila kupima upya ni nusu ya kazi.

Alama za upimaji wa uelewa zitolewe kwa kigezo gani?

Mnaweza kutumia viwango vinne ambavyo walimu wa shule za msingi tayari wanavitumia. Mbali na matarajio: maswali ni ya "mmeelewa?" au "sivyo?" pekee. Kukaribia matarajio: kuna maswali ya maana, lakini anajibu mmoja mmoja aliyejitolea. Kufikia matarajio: darasa zima linajibu swali linalofichua makosa, na mwalimu anabadilisha kitu kutokana na majibu. Kuzidisha matarajio: baada ya kubadilisha, anapima tena. Kumbukeni kwamba mwalimu ambaye wote wamepata D mara ya kwanza hakuwa na cha kubadilisha. Kusonga mbele mara moja kwake ni uamuzi sahihi na asipunguziwe.

Maoni yatolewe vipi baada ya kipindi?

Mwalimu aanze mwenyewe, dakika 2, kabla ya kusikia mtu mwingine. Ajibu maswali matatu: niligundua nani hajaelewa, niligunduaje, na dakika ipi ningeirudisha kama ningeweza. Kisha kila mwangalizi asome alichoandika, maneno na nyakati, bila sifa wala lawama. Mwisho wakubaliane juu ya badiliko moja la kufanyia kazi. Mkimpa saba, atarudi na kipindi kilekile.

Tunarekodi kwa simu lakini sauti haisikiki. Tatizo ni nini?

Mara nyingi simu iko nyuma ya darasa. Iweke upande, mita mbili hivi kutoka kwa mwalimu, juu ya rundo la vitabu, ikielekea wanafunzi na ubao kwa pamoja. Nyuso za wanafunzi ni muhimu kuliko uso wa mwalimu. Kwa wanaofanyia Kakamega au Vihiga, panga vipindi asubuhi. Mvua ya alasiri ikigonga mabati, hata mwalimu mwenye sauti kubwa hasikiki, na mwangalizi atadhani ni kosa la uwazi.

Kipindi cha marudio kifanyike lini?

Siku hiyohiyo au kesho yake, kwa kundi lingine la wanafunzi ambalo halikusikia kipindi cha kwanza. Kundi lilelile litainua D hata kama hamkuboresha chochote. Badilisheni pia nani ana vikaratasi, na waangalizi watazame kwanza lile badiliko moja lililokubaliwa.